Stop Loss si ukuta, wasee

Kuna sentensi moja naiona kila wiki kwa magrupu ya foreksi ya vijana wa huku kwetu, Busia hadi Malaba: "Weka Stop Loss, ulale." Wanaouza signali wanaipenda sana. Mimi naona inaumiza watu, maana huku msee anaweka pesa ya bodaboda, mwingine pesa ya chama cha mamake, akiamini kuna ukuta mahali ambapo ukuta hakuna.

Anza na kitu unachokijua. Wale jamaa wa kubadilisha pesa pale mpakani. Tuseme una shilingi elfu kumi za Kenya na leo moja inaenda kwa 28 za Uganda. Unamwachia jamaa maagizo: ikishuka hadi 27.5, niuzie. Usiku kunatokea jambo, asubuhi kila mtu mpakani anafungua na 26. Huyo jamaa atakuuzia kwa 26, na hajakuibia. Ile bei ya 27.5 haikuwahi kuwa na mnunuzi, iliruka tu. Ulijipanga kupoteza elfu tano za Uganda, umepoteza elfu ishirini.

Stop Loss inafanya kazi hivyo hivyo. Ukiwa umenunua, ile namba unayojaza ni kengele tu. Bei ikiigusa au ikiipita, sava ya broka inatuma oda ya kuuza kwa bei yoyote itakayopatikana wakati huo. Tofauti kati ya namba yako na bei uliyofungiwa ndiyo slipeji. Siku ya kawaida ni pointi moja au mbili, huwezi hata kuigundua. Take Profit ni tofauti kabisa: kwa kawaida hiyo inasema "niuzie kwa bei hii au nzuri zaidi, si chini yake." Kwa hivyo zile namba mbili zinakaa pamoja kwa skrini kama mapacha, lakini moja ina bei ya chini kabisa na nyingine haina. Hilo hakuna msee wa signali hukuambia.

Sasa cheki tarehe 15 Januari 2015, siku ya Alhamisi. Tangu Septemba 2011, Benki Kuu ya Uswisi ilikuwa imeapa kwamba yuro moja haitashuka chini ya faranga 1.20. Watu wakanunua yuro karibu na hapo, wakaweka Stop Loss chini kidogo, wakaona wamemaliza. Saa sita unusu mchana saa zetu benki ikatangaza imeacha. Ndani ya dakika chache bei ilikuwa chini ya 1.00.

Tupige hesabu ya mtu mdogo. Amenunua yuro 10,000, yaani loti 0.1, kwa 1.2010. Stop Loss yake iko 1.1990. Hasara aliyoipanga ni faranga 20 pekee. Tuseme mnunuzi wa kwanza kupatikana alikuwa 1.0200. Hasara ni faranga 1,810, zaidi ya mara tisini ya alichopanga. Kama akaunti ilikuwa na dola 300, sasa inasoma kutoa, anamdai nani? Yeye ndiye anadaiwa. Wateja wa FXCM walibaki na deni la takriban dola milioni 225 kwa kampuni hiyo, na Alpari ya Uingereza ikaanguka siku iliyofuata. Hawa hawakuwa watu wa kucheza kwa simu ya skrini iliyopasuka.

Utasema hiyo ni ya mara moja kwa miaka. Sawa, lakini gepu ndogo zinakuja kila wikendi. Soko linafunga Ijumaa usiku na kurudi Jumatatu usiku wa manane saa zetu. Katikati hapo Stop Loss yako imelala kwa sababu hakuna bei ya kuiamsha. Vita ikizuka Jumamosi, dhahabu inafungua mahali pengine kabisa. Dakika za habari kubwa za Marekani pia ni vivyo hivyo, wanunuzi wanajiondoa na bei inaruka.

Kwa hivyo ukipanga ukubwa wa tredi, usihesabu tu umbali hadi Stop Loss. Uliza: ikifungua mara kumi ya huo umbali, akaunti itabaki na nini? Kama jibu ni sifuri, punguza loti au funga kabla ya Ijumaa usiku. Muulize broka wako kwa maandishi kama akaunti ikienda chini ya sifuri utadaiwa. Broka wengine huuza Stop Loss ya bei iliyohakikishwa, unailipia zaidi, na hiyo ndiyo pekee naweza kuiita ukuta.

Na leo fungua History kwa simu yako, chukua tredi zote zilizofungwa na Stop Loss, linganisha namba uliyoweka kwenye S/L na bei iliyokufungia. Ukikuta ya Jumatatu asubuhi, iangalie vizuri.