Papai moja lililoharibu matenga 6 ya ndizi

Jumapili ya wiki mbili zilizopita mama mdogo alikata mikungu yake, akaichana chane na kuzipanga kwenye matenga 6 ya kilo 20 kila moja. Zilikuwa za sendofu ya Jumamosi. Kila tenga akalichomekea kipande cha papai bivu, akafunika na magunia na kufunga stoo. Jumatano zilikuwa njano. Ijumaa zilikuwa nyeusi na laini, na Jumamosi asubuhi tukakimbilia sokoni kununua nyingine.

Mwanawe, mdogo wangu anayesoma chuo cha kilimo, alikuwa nyumbani na daftari la somo la uhifadhi wa matunda na mboga. Akanionyesha swali: "Kilo moja ya ndizi mbichi katika nyuzijoto 15 hutoa miligramu 20 za kaboni dayoksaidi kwa saa. Q10 ni 2. Katika nyuzijoto 25 itatoa kiasi gani?"

Tunda lililokatwa bado liko hai. Linavuta oksijeni, linachoma sukari yake, linatoa kaboni dayoksaidi, maji na joto. Kadiri linavyopumua haraka, ndivyo akiba yake inavyoisha mapema. Q10 inaeleza kasi hiyo huongezeka mara ngapi joto likipanda nyuzi 10. Kwa hiyo 20 mara 2 ni 40. Kasi imekuwa maradufu, na muda wa kukaa unapungua takriban nusu: ndizi ambayo ingekaa mbichi siku 20 itakaa kama 10.

"Sasa mbona za mama hazikukaa hata siku 4?" akaniuliza.

Jibu ni kwamba hesabu ile inahusu ndizi ambayo bado haijaanza kuiva. Ndizi ni miongoni mwa matunda yanayoiva baada ya kukatwa, kama parachichi, embe na papai. Wakati wa kuiva ukifika, tunda hutoa hewa iitwayo ethilini. Hewa hiyo huamsha tunda lenyewe litoe ethilini zaidi, na kuamsha majirani zake pia. Hapo upumuaji hupanda mara kadhaa hata kama joto la chumba halijabadilika. Tukichukulia mara 3 tu, ile 40 inakuwa 120.

Papai la mama mdogo ndilo lililowasha moto. Magunia yakazuia ethilini isitoke, na joto la kupumua nalo likabaki ndani. Joto likaongeza kasi, kasi ikaongeza joto. Dalili ilikuwepo tangu Jumatatu: angeingiza mkono katikati ya tenga angehisi joto kuliko pembeni, na chane za katikati ndizo hubadilika rangi kwanza.

Mdogo wangu akaona amepata dawa: "Basi tungeziweka kwenye friji." Hapo tena hesabu inadanganya. Kwa Q10 ya 2, nyuzijoto 5 ingepunguza kasi hadi miligramu 10, na daftari lingefurahi. Lakini ndizi mbichi huumia na baridi chini ya nyuzijoto 13 hivi. Ganda hugeuka kijivu au kahawia, na hata ukiitoa nje haiivi vizuri. Joto kali nalo lina ubaya wake: likizidi nyuzijoto 30 hivi, nyama inaweza kulainika huku ganda likibaki na ukijani.

Wenye vyumba maalumu vya kuivisha huweka ndizi mbichi kwenye nyuzijoto 13 hadi 14 mpaka siku yake ifike. Kisha hupandisha hadi kati ya 15 na 20 na kuingiza ethilini kama sehemu 100 kwa milioni ya hewa, kwa saa 24 hadi 48. Baada ya hapo hufungua ili hewa safi iingie, kwa sababu kaboni dayoksaidi ikijaa huchelewesha kuiva.

Mama mdogo hana chumba hicho, lakini mpangilio anaweza kuufuata. Kwa sherehe ya Jumamosi, chane zikae mbichi kivulini penye upepo, zimetandazwa, mbali na tunda lolote bivu, na ndizi yoyote inayoanza njano itolewe siku hiyo hiyo. Jumanne jioni ndipo aweke papai na kufunika. Jumatano jioni afunue, atoe papai, azitandaze tena. Kwenye stoo yenye joto kama yake, Jumamosi zitakuwa njano na bado ngumu kidogo mkononi.

Mdogo wangu aliandika 40 kwenye mtihani, na ni sahihi. Pembeni akaongeza: "kama hakuna papai stoo."