Bei Inayopanda Bila ya Hodi

Vijana wetu wengi siku hizi husikiliza muziki na kutazama filamu kwa ada ya kila mwezi inayolipwa kwa makampuni ya ng'ambo. Makampuni hayo yana bei ya mtu mmoja, bei ya mwanafunzi na bei ya familia, na bei zenyewe hutofautiana baina ya nchi na nchi. Sisi hatuna ugomvi na punguzo. Tunachokihoji ni namna linavyoondoka.

Tuichukue kampuni ya Spotify kuwa mfano. Mwishoni mwa mwaka 2024, nchini Marekani, mwanafunzi alilipa dola 5.99 kwa mwezi, na mtu wa kawaida dola 11.99. Ili apewe bei hiyo, mwanafunzi huhakikiwa na kampuni nyingine, SheerID, na uhakiki huo hudumu miezi 12 tu. Mwaka ukitimia hana budi kuthibitisha upya, na jumla ya miaka ya punguzo haizidi 4. Mwanafunzi wa udaktari, ambaye masomo yake ni miaka 5, huukuta mwaka wa mwisho akilipa bei kamili ilhali bado yumo darasani.

Asipothibitisha kwa wakati, huduma haikatwi. Muziki huendelea kama jana, ila bei hupanda karibu mara mbili. Kijana aliyehakikiwa tarehe 10 Machi, akasahau siku hiyo mwaka unaofuata na kugutuka mwanzoni mwa mwezi Juni, atakuwa amekatwa mara 3, yaani dola 18 zaidi ya alizozizoea.

Huenda msomaji akauliza: benki ilikuwa wapi? Jawabu ni kwamba siku ya kwanza, kijana alipoandika namba ya kadi yake, hakuidhinisha dola 5.99. Aliidhinisha kampuni ichukue ada ya kila mwezi kadiri itakavyokuwa. Kwa hiyo benki huona ombi halali kutoka kwa mfanyabiashara yule yule, nayo hulipa. Onyo la kampuni huletwa kwa barua pepe, na aliyejisajili kwa anwani ya chuo ambayo baadaye imefungwa halimfikii kamwe.

Punguzo la familia nalo lina mwiba wake, na khasa kwetu sisi watu wa visiwani. Spotify huruhusu watu hadi 6, kwa sharti kwamba wote wakae katika anwani moja. YouTube hutaka vivyo hivyo, na katika mwaka 2025 baadhi ya wateja wake walipokea taarifa kwamba wasioishi na mkuu wa familia wangesitishiwa manufaa baada ya siku 14. Sharti hili limetungwa na watu wanaoijua familia kuwa ni baba, mama na watoto chini ya paa moja. Hapa kwetu baba huweza kuwa Wete, mama Mjini Unguja, na mtoto yuko dakhalia ya skuli. Nani athubutu kusema hao si familia? Lakini mtambo hauulizi udugu, huuliza anwani.

Ama bei ya nchi, aliyejisingizia kuwa yuko pahala penye bei nafuu hatumtetei. Mwezi Juni 2024 YouTube ilianza kufuta usajili wa namna hiyo. Hilo ni haki yake.

Kwa wananchi tunasema: iandikeni tarehe ya uhakiki siku mnapohakikiwa, na mtumie barua pepe yenu wenyewe, si ya chuo. Lakini si haki mzigo wote ubebwe na mnunuzi. Nchini India, Benki Kuu iliamua kwamba malipo ya kadi yanayojirudia yatanguliwe na taarifa kwa mwenye kadi angalau saa 24 kabla ya fedha kukatwa, ikitaja kiasi, na mwenye kadi aweze kukataa. Tangu Oktoba 2021 mabenki ya huko yasiyotimiza masharti hayo hayakuruhusiwa kuendelea na makato ya aina hiyo. Tazama basi: kampuni ya ng'ambo haikulazimika kuhamia India ili mteja wa India alindwe. Amri ilipitia kwenye benki iliyotoa kadi.

Benki Kuu ya Tanzania inayo mamlaka juu ya mifumo ya malipo kwa sheria ya mwaka 2015. Tunawaomba wahusika waanze na jambo moja dogo: kiasi kinachokatwa kikizidi kile cha mwezi uliopita, benki imwandikie mteja kwa simu, kwa Kiswahili, kabla ya kulipa.