Mwambie ageuke: picha moja ya mbele haijui ubavu wa uso wako

Fikiria hivi. Ni saa mbili usiku, simu ya video inaingia kutoka namba usiyoijua. Unapokea na kuona uso wa binamu yako. Anakuambia simu yake imeibwa, yuko stejini, umtumie KSh 15,000 kwa namba hiyo hiyo anayotumia. Uso ni wake, midomo inasonga, macho yanapepesa. Utatuma?

Zamani tungekuambia, "Mpigie kwa video uhakikishe." Leo ushauri huo peke yake hautoshi, kwa sababu akili unde inaweza kuchukua picha moja aliyoweka mtandaoni na kuufanya uso huo useme na kusonga. Maoni yetu ni haya: ukiwa na shaka, mwombe ageuze kichwa hadi umwone ubavu kabisa, sikio likikutazama. Wengi wanatuuliza mbona tusiseme apepese macho au atabasamu tu. Hebu tueleze.

Picha ya mbele ni bapa. Inaonyesha macho yako mapana kiasi gani na mdomo uko wapi, lakini haisemi pua imechomoza sentimita ngapi, kidevu kimerudi nyuma au kimetokeza, wala taya linakunjika wapi chini ya sikio. Watu wawili wanaweza kufanana sana kwa mbele, kisha wakigeuka unaona pua mbili tofauti. Programu ikiambiwa ionyeshe ubavu, haina mahali pa kusoma vipimo hivyo. Inakisia.

Inakisia kutoka kwa nini? Kutoka kwa nyuso ilizofunzwa nazo. Mwaka 1999 watafiti Blanz na Vetter walipima kwa leza vichwa vya watu 200, wakatengeneza uso wa wastani ambao kompyuta inaweza kuuvuta huku na kule hadi ufanane na picha yako. Mwaka 2009 Chuo Kikuu cha Basel, Uswisi, kilitoa mfano wa aina hiyo, nao pia ulitokana na watu 200, wengi wao Wazungu. Sasa wewe wa Kitui au Kisumu, picha yako ya mbele ikipita kwenye mfano kama huo, kina cha pua na midomo yako kinajazwa na wastani wa watu wa mbali. Programu za siku hizi hujifunza kwa picha nyingi zaidi, lakini tatizo linabaki: mkusanyiko maarufu wa FFHQ una picha 70,000, na nyingi ni za watu wanaotazama kamera. Watu hupenda kupigwa picha kwa mbele, bana. Nani huweka picha ya sikio lake mtandaoni?

Selfi nayo inaongeza shida. Ukinyoosha simu sentimita 30 kutoka kwa pua, sikio lako liko nyuma zaidi, tuseme sentimita 12. Kwa hiyo kamera inaona pua kwa umbali wa 30 na sikio kwa umbali wa 42. Ukigawa 30 kwa 42 unapata kama 0.7, maana yake sikio linaonekana dogo kwa karibu theluthi moja likilinganishwa na pua. Rafiki akikupiga picha kutoka mita moja na nusu, hesabu inakuwa 150 kwa 162, yaani sikio linapungua kidogo sana. Programu isipojua simu ilikuwa mbali kiasi gani, inaweza kuamini kwamba kweli una pua nene na masikio madogo, kisha ikuchoree ubavu wa mtu asiyekuwepo.

Tulijaribu wenyewe. Mwenzetu ofisini alikubali tutumie selfi yake: amevaa miwani, hereni za duara, na misuko imeshuka mabegani. Tuliiweka kwenye programu ya kuzungusha uso. Kwa kugeuka kidogo, kama digrii 20, hatukuona kasoro. Kwa digrii 45, ule mgeuko wa nusu njia wa picha za studio, bado alikuwa yeye, ingawa hereni moja ilikuwa imeyeyuka ndani ya misuko. Tulipofika digrii 90 mambo yakaharibika. Mkono wa miwani uliishia hewani kabla ya kufika sikioni. Sikio lilikuwa laini kama la mwanasesere, bila mikunjo yake. Misuko ikawa doa moja jeusi kisogoni. Na pua ilikuwa fupi kuliko yake. Alijitazama akauliza, "Sasa huyu ni nani?"

Ndiyo maana tunasisitiza ubavu kamili. Kwenye mgeuko wa nusu njia, sehemu kubwa ya ngozi inayoonekana ilikuwepo tayari kwenye picha ya mbele, kwa hiyo programu inaisogeza tu. Kwenye ubavu kamili, sikio, kona ya taya na kisogo karibu vyote ni vya kubuni. Tapeli akigeuka kidogo tu halafu akarudi haraka, usihesabu hilo kama jibu. Mwambie abaki hapo sekunde tano, kisha arudi polepole. Tazama mstari wa pua na midomo dhidi ya ukuta ulio nyuma yake: je, unatetemeka au kukatika? Tazama sikio na mkono wa miwani. Mwombe pia apitishe kiganja mbele ya uso, kwa sababu programu nyingi hushindwa kuamua kipi kiko mbele, kidole au shavu.

Lakini tusidanganyane. Jaribio hili lina mpaka wake, na hapa ndipo tunatofautiana na wanaoliuza kama dawa ya kila kitu. Akishindwa kugeuka, au uso ukivurugika, una sababu nzuri ya kukata simu. Akifaulu, hujathibitisha chochote. Tapeli anaweza kuwa na video za binamu yako akicheza kwenye harusi, ambazo zimemwonyesha pande zote, na hapo programu haikisii tena, inanakili. Programu zenyewe pia zinaboreka kila mwaka. Na upande wa pili, mtandao ukiwa mbovu hata uso halisi hukatika vipande vipande, kwa hiyo usimtukane shangazi yako kwa sababu ya bando.

Kwa hivyo ubavu uwe swali la kwanza tu. La pili ni kukata simu na kupiga ile namba yake ya siku zote. Isipopatikana, piga kwa mtu anayeishi naye. Pesa ikishatumwa na ikatolewa kwa wakala, kuirudisha ni kazi ngumu, na KSh 15,000 si pesa ya kujaribia bahati. Binamu wa kweli ataelewa ukichelewa dakika kumi. Anayekukasirikia kwa sababu umemwomba ageuze kichwa, huyo mwache aongee peke yake.