Maumivu ya Kifandugu

Mwalimu mmoja wa Temeke aliteleza uani penye maji, akaangukia matako. Wiki ya tatu alikuwa hawezi kuketi kusahihisha madaftari, na kila alipoinuka kitini maumivu yalimchoma kwenye kifandugu, yaani ncha ya mwisho ya uti wa mgongo. Asiyeanguka naye hupatwa, akikaa kutwa juu ya benchi.

Alikuwa amenunua mto wa duara wenye tundu katikati. Mto huo humdanganya mtu, maana ukingo wake wa nyuma waweza kukaa chini ya kifandugu chenyewe. Tulimshauri atwae sponji ngumu ya godoro, unene wa vidole vinne, akate pengo upande wa nyuma, upana wa kiganja. (Sufi haifai, hulala upesi.) Akiisha kuketi, apenyeze vidole kwa nyuma: kifandugu kisiguse kitu. Hata hivyo ainuke kila nusu saa.

Kifandugu kilichochubuka ndani hupoa kwa wiki 4 hivi. Kilichovunjika, wiki 8 hata 12. Maumivu yakipita hapo, aonane na daktari. Lakini miguu ikilegea, mapaja yakifa ganzi kwa ndani, au mkojo ukizuilika, aende hospitali siku ile ile.