Asilimia Tatu ya Nani?

Sheria ya Fedha ya Kenya ya mwaka 2023, iliyotiwa saini na Rais William Ruto mwezi Juni mwaka huo, ilipandisha kodi ya mauzo kutoka asilimia 1 hadi asilimia 3 kuanzia tarehe 1 Julai. Siku hizo ulisikia kauli mbili tu. Upande mmoja ulilia kwamba wafanyabiashara wadogo wote wameongezewa kodi mara tatu. Upande wa pili ulijibu kwamba asilimia tatu ni kitu gani, ni shilingi tatu katika kila mia, mtu mzima hawezi kulalamikia shilingi tatu. Kauli zote mbili zimejengwa juu ya imani moja: kwamba ukishajua kiwango cha kodi, umejua anayeumia na anayepona. Imani hiyo ni potofu, na vyombo vyetu vya habari ndivyo vilivyoilea.

Kodi hii hukatwa kwenye mauzo, si kwenye faida. Ukiuza bidhaa za shilingi 1,000, Mamlaka ya Mapato (KRA) inadai shilingi 30, iwe wewe ulibaki na shilingi 400 au shilingi 20, au ulipata hasara. Haiulizi ulinunua kwa bei gani, kodi ya pango ni ngapi, wala kijana wa dukani analipwaje. Kwa hiyo swali la kwanza ambalo mwandishi wa habari angepaswa kuuliza ni hili: kati ya hizo shilingi 1,000, mwenye biashara hubaki na ngapi? Bila jibu hilo, namba 3 haina maana yoyote.

Tupige hesabu. Mifano nimeipanga mwenyewe, lakini viwango vyake ni vya kisheria na mtu yeyote mwenye simu anaweza kuvikagua kwa kikokotoo.

Chukua duka la vyakula la mtaani: unga, sukari, mafuta ya kupikia, sabuni, maziwa. Linauza shilingi 400,000 kwa mwezi, yaani milioni 4.8 kwa mwaka. Linaonekana duka kubwa, ila mwenye duka anajua ukweli wa bidhaa hizi. Pakiti ya sukari haina faida ya maana, nayo ni lazima uwe nayo, kwa sababu mteja akiikosa kwako atanunua na chumvi huko alikoikuta. Tuseme baada ya kulipa mzigo, pango, stima na mshahara wa msaidizi, anabaki na senti nane katika kila shilingi ya mauzo. Hiyo ni faida ya shilingi 384,000 kwa mwaka, au 32,000 kwa mwezi. Kwa kiwango cha zamani alilipa shilingi 48,000 kwa mwaka. Kwa kiwango kipya analipa 144,000.

Hebu itazame hiyo 144,000 pembeni ya faida yake ya 384,000. Ni asilimia 37.5. Kiwango cha juu kabisa cha kodi ya mapato ya mtu binafsi nchini Kenya ni asilimia 35, na hicho kinagusa tu sehemu ya mapato inayozidi shilingi 800,000 kwa mwezi. Muuza sukari anayebaki na 32,000 kwa mwezi anatoa sehemu kubwa zaidi ya kipato chake kuliko mkurugenzi wa benki. Sheria inamwita mdogo, kisha inamtoza kuliko mkubwa.

Sasa vuka barabara uingie saluni. Inaingiza shilingi 120,000 kwa mwezi, yaani milioni 1.44 kwa mwaka. Gharama zake ni pango, umeme, mafuta ya nywele na malipo ya wasusi. Mwenye saluni anabaki na asilimia 45, ambayo ni shilingi 648,000. Kodi yake ilikuwa 14,400, sasa ni 43,200. Kwake pia imepanda mara tatu, na atalalamika, ana haki. Lakini hiyo ni chini ya asilimia 7 ya faida yake. Mwenye saluni anapata faida kubwa kuliko jirani yake wa duka, na analipa chini ya theluthi ya kodi ya jirani huyo. Wote wawili walisomewa habari ileile, yenye kichwa kilekile, na hakuna aliyewaambia kwamba hawako katika habari moja.

Kisha kuna mama mboga, ambaye picha yake ndiyo hutumiwa kila habari ya kodi inapotoka, nyanya mbele na mwavuli juu. Akiuza shilingi 2,500 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, mauzo yake ni 750,000. Kodi ya mauzo inaanza kwa anayeuza zaidi ya milioni 1 kwa mwaka. Kwa hiyo yeye hakuongezewa hata shilingi. Mnaomtumia kama sura ya kodi hii, mtafutieni picha nyingine. Anayestahili picha hiyo ni mwenzake anayeuza 3,400 kwa siku. Huyo anafikisha 1,020,000, na kwa kuwa kodi hukatwa kwenye mauzo yote, si kwenye ile 20,000 iliyozidi tu, anadaiwa 30,600. Mauzo ya ziada ya elfu ishirini yanamletea deni la elfu thelathini na zaidi. Ukisikia mtu anagawa biashara moja kwa majina mawili, lake na la mkewe, usiharakishe kumwita mwizi kabla hujaona ukuta huo aliojengewa.

Kuna sehemu nyingine ya mabadiliko hayo ambayo ilipita karibu kimyakimya. Kabla ya Julai 2023, kodi ya mauzo iliwahusu wenye mauzo ya hadi milioni 50. Sheria mpya ilishusha dari hiyo hadi milioni 25. Waliokuwa kati ya milioni 25 na 50 walitolewa na kurudishwa kwenye kodi ya kawaida ya mapato, ile inayotozwa kwenye faida. Wengi walidhani hao ndio walioumia kuliko wote, maana wametoka kwenye asilimia 1 wakaingia kwenye ngazi zinazopanda hadi asilimia 30 na zaidi. Tazama duka la vifaa vya ujenzi, mali ya mtu binafsi, linalouza milioni 30. Zamani lililipa 300,000. Kama faida yake ni asilimia 4, yaani milioni 1.2, kodi ya kawaida baada ya kutoa nafuu ya 28,800 ya mlipakodi ni shilingi 268,600. Amepunguziwa! Kama faida ni asilimia 10, yaani milioni 3, atalipa 808,600, na hapo kilio chake ni cha kweli. Duka la aina moja, mauzo yaleyale, sheria ileile: mmoja ameshuka, mwingine amepanda karibu mara tatu.

Hapo ndipo tunafika kwenye jambo ambalo lingemfaa msomaji kuliko vichwa vyote vya habari. Sheria inamruhusu mfanyabiashara aliye ndani ya kodi ya mauzo kumwandikia Kamishna wa KRA na kuchagua kutoka, ili atozwe kwa faida. Mrudie muuza sukari wetu mwenye faida ya 384,000. Kwa kodi ya kawaida, shilingi 288,000 za kwanza zinatozwa asilimia 10, ambayo ni 28,800. Zinazobaki, 96,000, zinatozwa asilimia 25, ambayo ni 24,000. Jumla 52,800, toa nafuu ya 28,800, anabaki na deni la shilingi 24,000. Shilingi elfu ishirini na nne, dhidi ya laki moja na arobaini na nne elfu! Hata kwenye enzi ya asilimia 1, iliyosifiwa kuwa ya huruma, alikuwa akilipa mara mbili ya hiyo. Mwenye saluni, kwa upande wake, akifanya kosa la kutoka atalipa 103,000 badala ya 43,200. Yeye na akae palepale alipo.

Watetezi wa kodi ya mauzo watasema ni rahisi: huhitaji mhasibu, unajumlisha mauzo ya mwezi na kulipa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ni kweli, na urahisi una thamani yake. Ila kwa huyu wa duka urahisi huo unauzwa shilingi 120,000 kwa mwaka, ambazo zinatosha kumlipa mtu wa vitabu shilingi 5,000 kila mwezi na nusu yake ikabaki.

Kizuizi cha kweli kiko kwingine. Sheria hiyohiyo ya 2023 iliweka sharti kwamba kuanzia Januari 2024 gharama za biashara, isipokuwa chache kama mishahara, hazitambuliwi kwenye kodi ya faida kama hazina ankara ya mfumo wa eTIMS. Duka letu lina gharama za zaidi ya milioni 4.4 kwa mwaka. Sehemu yake hununuliwa kwa watu wasiotoa risiti ya aina yoyote: mayai ya jirani, mkaa, mboga, mzigo wa haraka kutoka duka la pili. Kila shilingi isiyo na ankara inahesabiwa kuwa faida. Nimepiga hesabu hiyo pia: gharama zisizo na ankara zikifika kama 400,000, faida yake kwenye karatasi inakuwa karibu 784,000, na kodi ya kawaida inalingana na ile 144,000. Zikizidi hapo, ni heri angebaki kwenye kodi ya mauzo. Kwa maneno mengine, kosa la karatasi kwenye sehemu ndogo kuliko moja ya kumi ya manunuzi yake linatosha kufuta faida yote ya kuhama.

Wahariri wanadai msomaji hapendi namba. Msomaji wa habari za kodi ana duka, na mwenye duka anaamka na namba na kulala nazo. Asichopenda ni kuambiwa "mara tatu" na kuachwa hapo.

Kwa hiyo, mwenye duka, jumlisha mauzo yako ya mwaka mmoja, toa gharama zote, kisha gawanya kinachobaki kwa mauzo. Kama mauzo yako yako karibu na milioni 5, faida haifiki asilimia 16 na ankara zako za eTIMS zimekamilika, kodi ya mauzo inakunyonya. Mwandikie Kamishna utoke.