Faida ya Mandazi Ihesabiwe Hadi Mwisho

Mwanafunzi wa Mugunga, mjini Goma, anapopewa kazi ya kupanga biashara ndogo, mara nyingi huchagua mandazi. Anachagua vema, maana wateja wapo tangu alfajiri kwenye barabara ya Sake. Hatari iko kwenye daftari lake.

Tuchukue bei za mfano. Kilo 5 za unga zimegharimu faranga 15,000. Mafuta, sukari na hamira, pamoja na makala ya kukaangia na maji ya bidoni, vimefika 13,000. Makala na maji ndivyo vinavyosahaulika kuliko vyote, kwa kuwa mama amekwisha kuvinunua kwa matumizi ya nyumbani; lakini mtaa huu umekaa juu ya mawe ya volkano, na vyote viwili hulipiwa. Jumla ni 28,000. Unga huo ukitoa mandazi 120 ya faranga 300, mauzo yatakuwa 36,000. Mwanafunzi huandika faida 8,000, akafunga daftari.

Asilifunge bado! Mandazi 10 yamelala au yameliwa na wadogo zake, hivyo yameuzwa 110, na fedha iliyoingia ni 33,000. Ushuru wa meza ni 500. Sufuria ya 40,000 itakayodumu siku 200 inakula 200 kila siku, hata kama leo hakuna aliyeilipia. Zimebaki 4,300.

Je, hiyo ni faida? Hapana, sivyo kabisa, kwani dada aliyeamka saa kumi alfajiri kukanda unga hajalipwa. Akihesabiwa 3,000, zinabaki 1,300. Mwalimu amwulize mwanafunzi swali moja: ni andazi la ngapi linalorudisha gharama zote? Gharama ni 31,700. Zikigawanywa kwa 300, jibu ni andazi la 106. Yakiuzwa mandazi 100 tu, siku hiyo ni ya hasara, hata kama mfuko una noti nyingi.

Goma ina jambo jingine ambalo vitabu vya mbali havilitaji. Wauzaji wa jumla hupanga bei ya gunia la unga kwa dola, ilhali andazi linauzwa kwa faranga. Faranga ikishuka thamani, unga ukapanda kwa sehemu moja tu ya kumi, gharama zinaongezeka 1,500, na ile 1,300 inageuka hasara ya 200. Muuzaji anayesubiri mwisho wa mwezi ndipo apige hesabu, atakuta gunia jipya halinunuliki kwa fedha ya gunia la zamani.

Basi walimu wa Mugunga wasikubali bei zilizobuniwa darasani. Wawatume wanafunzi sokoni na daftari, waulize bei ya unga kwa dola na kwa faranga, wapime unga, wakaange kilo moja, wahesabu mandazi yaliyotoka. Na kila hesabu waifanye tena kwa bei ya unga iliyopanda, kabla ya kukopa hata faranga moja ya kuanzia.