Mia nne za bodaboda si faida

Jirani yangu hupokea shilingi 400 kila jioni kutoka kwa kijana anayeendesha pikipiki yake. Petroli hununua kijana, basi jirani hudhani zote ni faida.

Juzi tulipiga hesabu. Siku 25 za kazi humpa 10,000 kwa mwezi. Oili, tairi, mnyororo na breki hula 3,000, bima 500. Pikipiki aliinunua 180,000. Baada ya miaka mitatu akiiuza 72,000, itakuwa imechakaa kwa 3,000 kila mwezi. Hubaki 3,500, yaani 140 kwa siku ya kazi.

Zile 260 ni za pikipiki. Zikiliwa jikoni, siku injini itakapokufa hatakuwa na ya kununulia nyingine.